Dawa ya kukata jeni kwa sikoseli: tuipokee na RNA elekezi ileile, au tudai ibuniwe upya?

Mwalimu wa Kizota
Wadau, salamu. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Dodoma. Casgevy, tiba ya sikoseli iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, inatumia RNA elekezi ya herufi 20 kuipeleka Cas9, kimeng'enya kinachokata DNA, mahali pa kukata. Nimesoma kwamba kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika RNA hiyo inaweza kukata na pengine pasipokusudiwa. Siku ikiletwa nchini tuipokee ilivyo, kwa kuwa shabaha inaipiga vizuri, au tudai ibuniwe upya kwanza? Kidato cha sita wamegawanyika nusu kwa nusu na mimi sina la kuwaambia.

Mzabibu
Mwalimu, mbona jepesi hili. Programu ya kubuni inakuletea orodha, kila RNA ina alama ya nguvu na alama ya usalama. Ya kwanza ikiwa na walakini, unachukua ya pili. Ukitaka umakini zaidi unairefusha, herufi 24 badala ya 20, maana ufunguo wenye meno mengi haufungui kila kufuli. Sisi wa kilimo hatuna presha kabisa: ikikata pembeni, unachavusha na mmea ambao haukuguswa, vizazi vitatu vinne makosa yamechujika.

Benchi Na. 4
Mzabibu, nusu ya maneno yako ni kweli, nusu itampoteza mwalimu. (Na nyie mnaotohoa guide RNA kuwa "gaidi RNA" vijiweni, tafadhali. Semeni RNA elekezi kabla hatujakamatwa.)

Tuanze na urefu. Kufuli hili halisomi meno yote kwa ukali mmoja. Cas9 hutafuta kwanza herufi GG kwenye DNA, sehemu inayoitwa PAM, halafu inaachanisha nyuzi kuanzia hapo kurudi nyuma. Herufi kumi na kitu zilizo jirani na PAM inazikagua kwelikweli. Za mwisho kule mbali, hata mbili zisipolingana, mara nyingi inakata tu. Ukiongeza nne huko, umeongeza walinzi kwenye lango lisilolindwa. Mwaka 2014 kuna waliofanya kinyume chako, wakaifupisha hadi herufi 17 au 18, na kukata ovyo kukapungua sana sehemu nyingi walizopima. Mshiko ukiwa umelegea kidogo, kosa dogo linatosha kuiangusha Cas9. Lakini si kila fupi iliyobaki na nguvu kwenye shabaha, na hapo ndipo mvutano wote ulipo: kinachoifanya RNA ing'ang'anie mahali pake ndicho kinachoifanya ing'ang'anie na panapofanana napo.

Sasa hilo la "chukua ya pili". Ukitaka kuharibu jeni nzima, ni sawa, una makumi ya mahali pa kukata na popote patafaa. Tiba hii sivyo. Haikarabati hemoglobini yenye kasoro. Inavunja swichi inayowasha BCL11A, jeni inayoizima hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu, ili hemoglobini hiyo irudi kazini. Na swichi yenyewe ni kijisehemu ambapo protini ya GATA1 hushika ili iwake. Angalia:

```
CTAACAGTTGCTTTTAT|CAC AGG
```

AGG ya mwisho ndiyo PAM. Kile kimstari ndipo mkato unapopita, herufi tatu kabla ya PAM. Kishikio cha GATA1 hapo ni TTATCA, kwa hiyo mkato umekipasua katikati. Mwaka 2015 watafiti walizipanga RNA elekezi bega kwa bega wakaifunika swichi nzima, na zilizokata hapa ndizo zilizoleta matokeo. Ukisogea ufuate PAM nyingine, mkato unaangukia nje ya kishikio.

Kingine kinachonifurahisha: RNA hii ina T nne mfululizo, na G na C zake ni 7 tu kati ya 20. Programu nyingi zingeipa alama mbaya. T nne huwa ni ishara ya kusimama kwa kimeng'enya kinachonakili RNA elekezi ndani ya seli. Ila hapa hainakiliwi ndani ya seli. Inatengenezwa kwa kemia, inafungwa na Cas9 nje, halafu zote mbili zinasukumwa kwa mshtuko wa umeme ndani ya seli shina za damu zilizotolewa kwa mgonjwa, kisha anarudishiwa. Alama za programu zisikufanye uache kuuliza RNA itaingiaje.

Nala Kwetu
Mzabibu, swali dogo. Zabibu za Makutupora si mnazipanda kwa vipandikizi? Utachavusha na nani na ibaki aina ileile?

Mzabibu
Hapo umenishika. Nilikuwa na mtama kichwani. Kwa zabibu kosa linabaki kwenye shina na kwenye kila kipande utakachokata.

Mama Neema
Samahani wataalamu, nimesoma taratibu sijui kama nimeelewa. Binti yangu ana miaka 9, ana sikoseli, mwaka huu kalazwa mara tatu. Hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto lakini kaka zake hawakulingana naye. Hiyo RNA ikikosea ndiyo mtoto anapata saratani? Na hao wa Afrika mnaosema ni wote au baadhi?

Wakili Area C
Mama kaweka kidole palepale. Msimamo wangu: wathibitishe kwamba haikati popote pengine kwa Mtanzania yeyote, bila hivyo wadhibiti wa dawa, TMDA, wafunge mlango. Tumechoka kuwa watu wa kujaribiwa.

Benchi Na. 4
Mama Neema, pole na mwanao. Si wote, na hakuna aliyeonyesha kwamba kukatwa hapo kunaleta saratani. Nieleze lilivyogundulika.

Jenomu ya kulinganishia, ile ambayo programu nyingi husoma, kimsingi ni mfano mmoja wa maandishi ya binadamu. Mwaka 2023 kundi la Boston lilitoa zana iitwayo CRISPRme, inayotafuta shabaha za bandia kwenye tofauti za watu mbalimbali pia. Wakaipa RNA hii hii. Ikaonyesha mahali ndani ya jeni ya CPS1 ambapo maandishi yanafanana sana na shabaha, ila kwenye jenomu ya kulinganishia GG haijakamilika, kwa hiyo Cas9 ingepita tu. Baadhi ya watu wana herufi moja tofauti pale, iliyosajiliwa kwa jina rs114518452, na herufi hiyo inaikamilisha GG. Alama ya hatari ikaruka kutoka 0.02 hadi 0.95. Kwenye hifadhidata, nakala zenye herufi hiyo ni kama 4.5% kwa watu wenye asili ya Afrika. Kila mtu ana nakala mbili, hivyo anayebeba angalau moja ni takriban mmoja kati ya 11.

Hawakuishia kwenye kompyuta. Walichukua seli shina za damu za mtu mwenye nakala moja ya herufi hiyo, wakazihariri, wakasoma DNA. Makovu ya mkato yalionekana kwenye karibu 4.8% ya nakala zote, na yote yalikuwa kwenye nakala yenye herufi ile. Nakala ya pili haikuguswa.

Je, ni hatari? Mkato uko kwenye introni, sehemu isiyoandika protini, na CPS1 kazi yake kubwa ni ini, si damu. Kwa hilo silali macho. Kinachonisumbua ni kwamba BCL11A na CPS1 zipo kwenye kromosomu moja, ya 2, kila moja mkono wake. Seli ikikatwa pote pawili kwa wakati mmoja, kipande cha katikati kinaweza kugeuka juu chini kabla ya kuungwa. Waliliona hilo likitokea kwenye seli chache.

Wakili Area C
Kwa hiyo nimesema kweli.

Benchi Na. 4
Hapana, wakili. Unadai kitu ambacho hakipimiki. Chukua mgonjwa wa kilo 40. Kiwango cha chini ni seli milioni 3 kwa kila kilo, yaani milioni 120 anarudishiwa. Usomaji wa kawaida wa DNA ukishuka chini ya 0.1% huwezi kutofautisha mkato halisi na makosa ya mashine. Na 0.1% ya milioni 120 ni seli 120,000. Maabara ikikuandikia "haukuonekana", hicho ndicho kinachoweza kuwa kimejificha chini yake. "Haikati popote" hawezi kuisaini mtu mkweli, kwa Mgogo wala kwa Mwingereza.

Kinachopimika ni hiki: mgonjwa anayo herufi ile au hana? Kipimo cha damu tu.

Nala Kwetu
Mimi nipo upande wa wakili, ila si kwa sababu yake. Hiyo 4.5% ni wastani, na kwenye hifadhidata hizo wengi ni Wamarekani Weusi. Wagogo, Warangi, Wasandawe wa Chemba, nani kawahesabu? Kwetu inaweza kuwa chini, inaweza kuwa juu. Na kuna herufi nyingine ambazo CRISPRme haiwezi kuziona kwa sababu wenye nazo hawajasomwa. Ukitafuta kwenye kitabu pungufu, utapata majibu pungufu.

Benchi Na. 4
Hapo nakubali bila ubishi.

Mzabibu
Kama RNA haisogezeki, si wabadilishe Cas9?

Benchi Na. 4
Safi, hiyo sasa ndiyo hoja. Kundi lilelile lilijaribu HiFi Cas9, ambayo imebadilishwa asidi amino moja tu, R691A, ili isishike DNA kwa nguvu kupita kiasi. RNA ileile, mkato wa CPS1 ukashuka mno huku shabaha ikiendelea kukatwa vizuri. Lakini usijenge kanuni juu ya RNA moja. Vimeng'enya makini vina RNA ambazo vinazigomea kabisa, hata kwenye shabaha. Na hapa udhaifu una bei yake: seli ambazo hazikuhaririwa zinarudi kuzaa chembe za mundu. Halafu ukibadilisha kimeng'enya, kwa mdhibiti hiyo ni dawa nyingine, majaribio yanaanza upya.

Nala Kwetu
Yaanze. Heri kuchelewa.

Benchi Na. 4
Kuchelewa kwa nani? Mtu anayelazwa kila miezi mitatu ana hatari yake tayari, haisubiri. Mimi ningeipokea ilivyo, kila mgonjwa apimwe herufi ile kwanza, na waliohaririwa wafuatiliwe miaka mingi. Wewe ungeizuia. Hapo hatutakubaliana leo.

Wakili Area C
Na dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, bei waliyotangaza Marekani, mnabishania mlango wa nyumba ambayo hatuna kiwanja chake.

Mama Neema
Asanteni. Alhamisi tuna kliniki. Hiyo herufi niiandikeje ili daktari aelewe, nimwombe aipime?

Benchi Na. 4
Mama, andika `rs114518452` ubaki nayo kwenye daftari, ila usiilipie sasa. Haibadilishi chochote kwenye matibabu ya Neema ya leo. Idhini ya 2023 ilikuwa ya miaka 12 na kuendelea, naye ana 9. Alhamisi muulize daktari juu ya dawa ya sikoseli, hydroxyurea, kama anaitumia na kama dozi imepandishwa kadiri anavyoongezeka uzito.

Mama Neema
Anaitumia. Uzito hawajampima tangu Machi.