Naomba ushauri: ugonjwa wa fizi hatua ya 3 au ya 4?

Habari zenu madaktari wa meno. Nina mgonjwa wa miaka 34, mwenye kisukari, HbA1c 8.4%. Kwenye jino lililoathirika zaidi mfupa umepungua hadi nusu ya mzizi. Ukigawanya 50 kwa umri wake unapata karibu 1.5, na ikizidi 1 ni daraja C. Sukari nayo inaelekeza hukohuko. Hapo sina shaka.

Kinachonisumbua ni hatua. Amepoteza meno matano. Yanayohesabiwa ni yaliyong'oka kwa ugonjwa wa fizi tu: manne au pungufu ni hatua ya 3, matano ni ya 4. Matatu anasema yalilegea yenyewe, mawili hakumbuki kama yalikuwa yametoboka, na picha za zamani hakuna. Bado ana meno 23, anatafuna vizuri, ya mbele hayajatawanyika.

Naelekea hatua ya 3: kusafisha chini ya fizi, kudhibiti sukari, kupima upya baada ya miezi mitatu, kisha upasuaji kwa mifuko itakayobaki na milimita 6 au zaidi. Ingekuwa ya 4, ningepanga pia meno bandia mapema. Mngeyahesabu vipi hayo mawili?