Ulinganisho: Fedha ninazochukua dukani niziandike kama gharama, kama mshahara wangu, au nifungue kampuni?

FremuYaVitenge

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninauza vitenge na khanga Kariakoo, na ninatakiwa kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita kabla ya tarehe 30 Juni. Mhasibu wangu ameniandikia barua ya kukataa hesabu nilizompelekea, kwa sababu ndani yake nilikuwa nimeingiza kila shilingi iliyotoka kwenye droo. Naiweka hapa sehemu kubwa ya barua hiyo ili mnisaidie kuamua kati ya njia tatu: nibaki na utaratibu wangu, nijiandikie mshahara wa kila mwezi, au nisajili kampuni.

*YAH: FEDHA UNAZOCHUKUA DUKANI KWA MATUMIZI YA NYUMBANI*

*Mama, nimepitia daftari lako ukurasa kwa ukurasa. Katika mwezi wa Januari, ada ya mtoto imeandikwa mstari mmoja chini ya kodi ya fremu, kana kwamba malipo hayo mawili ni ya aina moja. Kodi ya fremu ililipwa ili uweze kuuza, na usingeilipa ungefungiwa mlango. Ada ungeilipa hata kama usingekuwa na duka, kwa sababu ni wajibu wako kama mzazi. Gharama ya biashara ni fedha iliyotumika kutafuta mauzo, ilhali fedha unayopeleka nyumbani ni sehemu ya faida, au ya mtaji, ambayo wewe mwenye mali umeamua kuichukua. Faida hupatikana kwanza, ndipo mwenyewe huitumia; matumizi hayo hayawezi kurudi nyuma na kuifanya faida isiwe imepatikana.*

*Kwa hiyo shilingi milioni 15 ulizochukua mwaka mzima kwa ada, chakula cha nyumbani na ujenzi nimeziondoa kwenye gharama na kuzipunguza kwenye mtaji wako. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, katika kifungu cha 11, hairuhusu matumizi ya mtu binafsi kupunguza mapato yanayotozwa kodi, na hakuna jina utakaloyapa matumizi hayo litakalobadilisha jambo hilo.*

Baada ya marekebisho yake kodi imepanda sana. Naomba maoni yenu.

MzeeWaLeja

Dada, umeileta barua lakini umetunyima yale ambayo yangetuwezesha kukujibu. Tueleze mauzo yako ya mwaka yalikuwa kiasi gani, faida yako kabla ya kutoa milioni 15 ni ipi, na kama duka ni lako peke yako au una mbia.

SokoniTangu

Mimi naona mhasibu anakutisha bure. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo tunakadiriwa kodi kutokana na mauzo, na wala hakuna anayeuliza umetumia nini. Uiandike ada kama gharama au usiiandike, kodi ni ileile, hivyo endelea na utaratibu wako.

MzeeWaLeja

Ndugu yangu SokoniTangu, ulilosema ni kweli kwa mtu ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka na anayelipa kwa mfumo wa makadirio. Huyo hata kodi ya fremu haimpunguzii chochote. Akivuka kikomo hicho anatakiwa kutengeneza hesabu kamili, na kuanzia hapo kila mstari wa gharama unagusa kodi. Ndiyo maana nimeuliza mauzo.

FremuYaVitenge

Samahani kwa kuacha hayo. Mauzo yalikuwa milioni 132, na mwaka wa nyuma yake yalikuwa chini kidogo ya milioni 100. Vitenge vilivyouzwa vilinigharimu milioni 96. Fremu nililipia milioni 6, msaidizi wangu milioni 3.6, usafiri na makuli wa kupakua marobota milioni 1.8, leseni na umeme laki 6. Duka ni langu peke yangu.

MzeeWaLeja

Sasa barua inaeleweka, na inaeleweka pia kwa nini hukuwahi kuipata miaka iliyopita. Ukiondoa milioni 96 kwenye 132 unabaki na faida ghafi ya milioni 36, na gharama halisi za duka zikijumlishwa zinafika milioni 12, hivyo faida yako ni milioni 24. Kwa viwango vya mtu binafsi, milioni 12 za kwanza zinatozwa jumla ya shilingi 1,536,000, na milioni 12 za juu yake zinatozwa asilimia 30, yaani milioni 3.6. Kodi yote ni shilingi 5,136,000.

Kwa hesabu yako ya awali faida ilionekana kuwa milioni 9, na kodi yake ingekuwa shilingi 792,000. Ninaelewa kwamba tofauti ya zaidi ya milioni 4 inauma. Hata hivyo, mkaguzi atakayefungua daftari lako hatahitaji ujuzi mkubwa kuuona mstari wenye jina la shule.

Kuhusu njia ya pili, jiwekee kiasi maalumu cha kila mwezi ukitaka, kwa sababu kitakuzuia kuingiza mkono kwenye droo kila saa. Ila usikiite mshahara katika ritani. Duka lisilo kampuni na wewe mwenyewe ni mtu mmoja mbele ya kodi, na mtu hawezi kujiajiri kisha akadai kwamba amejilipa.

Mbia_Mwanza

Naomba niongeze kisa kilichotupata, kwa sababu watu wanadhani jambo hili ni la kodi peke yake. Mimi na kaka yangu tulikuwa na duka la viatu, mtaji nusu kwa nusu, na tulikubaliana kugawana faida sawasawa. Daftari alikuwa nalo kaka. Kila alipochukua fedha kwa ajili ya nyumbani kwake aliandika upande wa gharama, wala hakuficha, kwa kuwa aliamini kwamba fedha ikitoka dukani ni gharama.

Mwaka ulipoisha daftari lilionyesha faida ya milioni 12, tukachukua milioni 6 kila mmoja, nami nikashukuru. Miezi kadhaa baadaye tulimwita mtu wa kutupangia hesabu kwa ajili ya kuomba mkopo. Akakuta kwamba ndani ya zile gharama kulikuwa na milioni 8 za matumizi ya kaka. Faida ya kweli ilikuwa milioni 20, kwa hiyo kila mmoja wetu alistahili milioni 10. Kaka alikuwa amekwisha kuchukua 8 kabla ya mgawanyo na alibakiza 2 tu, lakini alipokea 6 nyingine. Kwa maneno mengine, nusu ya ada za watoto wake niliilipa mimi bila kujua, nami nina watoto wangu.

Mkopo tulinyimwa, kwa sababu benki ilitazama faida ya milioni 12 na kusema biashara haiwezi kubeba marejesho tuliyoyaomba. Duka tuligawana, na mazungumzo kati yetu mpaka leo ni ya salamu. Kama matumizi ya kila mmoja yangeandikwa kwenye ukurasa wake, pembeni ya jina lake, pasingekuwa na ugomvi wowote.

SokoniTangu

Pole sana ndugu. Lakini dada yetu hana mbia, kwa hiyo hamwibii mtu. Je, akifungua kampuni si atajilipa mshahara halali na kodi ikashuka?

Karani_wa_Hesabu

Hilo nimelipigia hesabu kwa takwimu zake. Kampuni ikimlipa mshahara wa milioni 15 kwa mwaka, mshahara huo utakatwa kodi ya shilingi 2,436,000. Kampuni itabaki na faida ya milioni 9 na kulipa asilimia 30, yaani shilingi 2,700,000. Jumlisha uone: ni shilingi 5,136,000, sawasawa na anachodaiwa sasa. Na hapo sijaingiza michango ya NSSF, ada ya mkaguzi wa hesabu, wala asilimia 10 atakayokatwa siku atakayojigawia faida iliyobaki. Zipo sababu nzuri za kufungua kampuni, kama vile kuleta mbia au kutenganisha madeni, lakini kuigeuza ada ya shule kuwa gharama si mojawapo. Ndani ya kampuni akichukua fedha nje ya mshahara anakuwa amekopa mali ambayo si yake tena.

BabaWawili

Mimi mke wangu anakaa dukani kuanzia asubuhi hadi kufunga, nami ninamlipa laki 3 kwa mwezi. Ina maana nazo si gharama?

Karani_wa_Hesabu

Kama anafanya kazi kweli, na kiasi hicho ndicho ungemlipa mtu mwingine kwa kazi hiyohiyo, mimi naihesabu kuwa gharama, mradi ufuate taratibu zote za mwajiri.

MzeeWaLeja

Hapo ningekuwa mwangalifu zaidi. Mara nyingi hiyo laki 3 ni fedha ya mboga iliyopewa jina la mshahara, na mkaguzi atauliza mkataba na ushahidi wa malipo. Bila hivyo vyote viwili ningeiandika kama matumizi ya mwenye duka.

BabaWawili

Mzee, mke wangu ana kazi kuliko msaidizi yeyote wa mtaa ule. Mkataba wa mume na mke unaandikwaje?

FremuYaVitenge

Nimewaelewa kuhusu kampuni, na nimeachana nayo kwa mwaka huu. Limebaki swali la bidhaa. Mwanangu alipoolewa nilitoa vitenge dukani bila kulipa, na kila siku msaidizi wangu nampa chakula cha mchana kutoka kwenye droo, nami ninakula humohumo. Hivi navyo vinaandikwaje?

MzeeWaLeja

Chakula cha msaidizi ni sehemu ya malipo yake, kwa hiyo ni gharama. Chakula chako si gharama, hata kama mmekula sahani moja. Vitenge vya harusi viandike kwa bei uliyonunulia, uviondoe kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa na uvipeleke kwenye matumizi yako. Usipofanya hivyo, duka litaonekana limeviuza, ilhali mauzo yake hayapo, na faida ghafi itapungua bila sababu.

Jambo hilo linanileta kwenye swali ambalo lingepaswa kuulizwa mapema. Hiyo milioni 96 uliipataje? Ulihesabu vitenge vilivyokuwapo rafuni tarehe 1 Januari na tarehe 31 Desemba?

FremuYaVitenge

Mwezi Desemba tulihesabu mimi na msaidizi. Mwezi Januari sikuhesabu, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado ninakadiriwa. Mhasibu alitumia kiasi nilichomtajia kwa mdomo.

Karani_wa_Hesabu

Basi kiasi hicho kinaweza kuisogeza faida yako kuliko mabishano yote ya ada. Kama Januari ulikuwa na mali nyingi kuliko ulivyotaja, gharama ya bidhaa zilizouzwa ni kubwa kuliko milioni 96, na kodi yako iko juu mno; kama ilikuwa pungufu, mambo ni kinyume chake. Tafuta stakabadhi za manunuzi za miezi ya mwisho ya mwaka wa nyuma, ulinganishe na mauzo yaliyopita kwenye mashine ya EFD, kisha umpelekee mhasibu kabla hajawasilisha.

FremuYaVitenge

Stakabadhi ninazo za wauzaji wawili wa jumla. Wa tatu, ambaye nilinunua kwake marobota mengi, amekwisha kuhama na simu yake haipatikani. Kesho nitampelekea mhasibu nilizonazo, kisha nitarudi kuwaeleza atakachosema.

BabaWawili

Jamani, suala langu la mkataba wa mke bado halijajibiwa.