Kopo la rangi la Mama Nasra: gumzo la kikundi cha ukoo, Tanga

*Mama Nasra:* Asalaam alaykum wanaukoo. Nimeweka picha ya ubavu wa kopo la rangi, glosi ya mafuta lita 4, nataka nipake jikoni ukuta wa chini na milango miwili kabla wageni wa Idi hawajafika. Maandishi yote Kizungu na madogo hayasomeki. Ummi mwanangu nisomee, itatosha? inakauka lini? naichanganya na nini?

*Baba Mkubwa:* Waalaykum salaam. Umenunua bei gani hiyo

*Ummi:* W/salaam mama mdogo. Picha moja ina mwanga wa flashi ila nimeisoma. Wanasema lita moja inapaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwenye ukuta laini usionyonya. Ukigusa haishiki kidole baada ya masaa 4 mpaka 6, mkono wa pili baada ya masaa 16 mpaka 24, na hayo ni kwa joto la 25. Ikiwa nzito unatia tapentaini isizidi asilimia 5. Chini kuna mambo ya usalama nakuja nayo

*Kasimu:* Tapentaini ya nini, tia tina tu ile ya duka la spea inakauka chapchap, ukikosa hata petroli mafundi wengi wanatia

*Mama Nasra:* Masaa 4 hadi 6 basi nikipaka asubuhi jioni narudia mkono wa pili siku moja kazi imekwisha 🙏

*Mjomba Shabani:* Hapana usirudie jioni. Hayo masaa 4 ni juu tu ndiyo pamekauka, chini bado pabichi. Ukipiga mkono wa pili juu yake ile rangi ya chini inalainika tena na ya juu inajikunja, utaona mikunjo mikunjo hasa pale ulipoweka nene, na ikishajikunja ni kukwangua upya. Tena wao wamepima kwa joto 25 na hewa kavu, hapa kwetu Tanga mvua zikiwa zinanyesha na dirisha limefungwa hesabu siku mbili. Jaribu kwa ukucha mahali pa kificho, ukibonyeza ukaacha alama bado

*Mjomba Shabani:* Na wewe Kasimu sikiliza. Tina ya magari ni kali sana, mlango una rangi ya zamani ukiipaka inaiamsha ile ya chini yote inavimba. Petroli ndio kabisa, mvuke wake unashika moto kwa cheche ya swichi

*Kasimu:* Mi nimeona kwa macho mjomba, geti la jirani lilipakwa na tina mpaka leo linang'aa

*Mjomba Shabani:* Geti ni chuma na fundi alipuliza na mashine, hapo tina ina kazi yake. Hii ni brashi jikoni. Asilimia 5 kwenye lita moja ni mililita 50, vijiko vitatu vya chakula na kidogo. Watu wanamimina nusu kikombe halafu rangi inachuruzika, haifichi na mng'ao unakufa. Koroga kwanza mpaka chini ya kopo, mara nyingi rangi haikuwa nzito, ilikuwa imetuama tu

*Shangazi Rehema:* Mlango wangu mimi ulipakwa tukaufunga usiku uleule, asubuhi umegandana na fremu tukaupiga bega. Fundi akasema ni hewa ya bahari 😂

*Baba Mkubwa:* Bei jamani

*Mama Nasra:* 😅 shemeji nitakuambia. Mjomba itatosha? Jiko ni mita 3 kwa 2 na nusu, ukuta napaka mpaka mita 1.20 tu

*Mjomba Shabani:* Mzunguko wake mita 11, toa upana wa milango miwili 1.80, inabaki 9.20, zidisha kwa 1.20 unapata kama mita za mraba 11. Milango mbele na nyuma pamoja na fremu weka 9. Jumla 20, mikono miwili 40, lita 4 kwa mita 10 kila lita ni sawasawa kabisa haibaki hata tone. Lakini hiyo ni ukuta usionyonya, kama Ummi alivyosoma. Lipu tupu mkono wa kwanza inakunywa, unaweza kupata mita 6 tu kwa lita, utapungukiwa zaidi ya nusu lita. Ukuta una rangi ya zamani au lipu tupu?

*Mama Nasra:* Lipu tupu, tulibomoa ya zamani ilikuwa na unyevu, fundi amepiga mpya wiki mbili sasa. Ukishika kukavu kabisa

*Mjomba Shabani:* Basi acha ukuta. Usipake hiyo rangi hapo kwa sasa

*Ummi:* Mjomba kweli, kuna mstari mdogo juu kabisa nilikuwa nimeuruka, unasema ukuta wa saruji uive kabisa ukauke na upakwe praima ya kuzuia alkali kwanza

*Mjomba Shabani:* Ndo hapo. Saruji mbichi ni kali, na ukali wake ukikutana na mafuta ya rangi unayageuza sabuni, ni sabuni kweli si mfano. Rangi inabaki inanata miezi, inapata madoa, halafu inabanduka vipande ukiivuta. Na haimaanishi rangi ni mbovu. Wiki nne ndo kidogo kabisa, kwenye unyevu zaidi. Bandika nailoni ukutani kwa selotepu pande zote ilale usiku, asubuhi ukikuta jasho ndani bado maji yapo. Kutokuwa na jasho peke yake hakutoshi lakini, ukali unaweza kuwa bado upo, ndio maana ya ile praima

*Mama Nasra:* Idi siku kumi zimebaki 😩

*Mwanahamisi:* Si apake ya maji kwa sasa, emalsheni inapumua, baada ya Idi anaweka ya mafuta juu

*Mjomba Shabani:* Ya maji inavumilia lipu changa kuliko hii, hapo sibishi. Kuipanda na mafuta baadae mimi siipendi, kama emalsheni haijashika vizuri inabanduka na mzigo wa juu

*Mwanahamisi:* Kwangu imekaa miaka mitatu nilipiga msasa kwanza

*Mjomba Shabani:* Sawa umebahatika au ukuta wako ulikuwa umeiva. Mama Nasra milango anza nayo kesho, ina rangi ya zamani piga msasa mpaka mng'ao uondoke

*Ummi:* Usalama sasa. Mchoro wa moto upo. Fungua madirisha, usipake karibu na moto wala usivute sigara. Watoto wasiguse. Ikiingia machoni osha na maji mengi. Ikimezwa usimtapishe mtu, apelekwe hospitali na kopo

*Shangazi Rehema:* Si unampa maziwa atapike? Sisi tulifanyiwa hivyo kwa mafuta ya taa

*Mjomba Shabani:* Ni palepale Rehema. Akitapika inaweza kwenda mapafuni na hapo ndo mbaya zaidi. Usimtapishe. Na Mama Nasra jiko la gesi zima mpaka kwenye mtungi, mkaa toa nje, mvuke wa tapentaini unashuka chini sakafuni huuoni. Matambara yaliyoloa rangi usiyarundike kwenye ndoo, yanachemka yenyewe mpaka yawake, yatandaze nje yakauke

*Mama Nasra:* Nitapikia uani basi. Na praima ya alkali inauzwa wapi hapa mjini, duka nililonunua walisema praima yoyote inafaa

*Mjomba Shabani:* Si yoyote, ya mbao na ya chuma hazifai ukutani. Nitumie picha ya kopo lake kabla hujalipa

*Baba Mkubwa:* Na bei yake pia