Bima ya gari ikiisha na gari liko barabarani: tupeane uzoefu (Tanga)

Mkazi wa Chumbageni: Wakuu, bima kubwa ya Noah ya mjomba iliisha Jumamosi saa 5:59 usiku. Jumatatu saa 1 na dakika 20 asubuhi akaigonga bodaboda pale Pongwe, abiria akavunjika mguu. Saa 4 akamlipa wakala, stika mpya ikatoka. Kampuni imekataa kulipa. Mjomba anasema alikuwa ndani ya siku za neema za kulipia bima iliyoisha. Yaliyowakuta wengine?

Babu wa Raskazone: Siku za neema zipo, tena 30. Mimi nilichelewa kulipa wiki 3 na bima yangu haikufutwa.

Dada wa Madai: Babu, hiyo bila shaka ni bima ya maisha. Ya gari haina neema: ikifika saa ya mwisho iliyoandikwa, imekufa. Nimekaa dawati la madai miaka mingi, na kesi za aina hii huwa tunaanza na saa. Stika ya siku hizi inatoka kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ikiwa na saa ya kuanza, na PF, fomu ya polisi wa trafiki, ina saa ya ajali. Kwa mjomba, ya kwanza ni saa 4, ya pili ni saa 1. Ile meseji ya "bima yako inakaribia kuisha" ni ukumbusho tu, haiongezi hata siku moja.

Mkazi wa Chumbageni: Wakala alimwambia kwenye simu Jumapili, "endesha tu, nitaiweka sawa."

Dada wa Madai: Aitunze hiyo ahadi kama ipo kwa maandishi, anaweza kumlalamikia wakala TIRA. Ila kwa kampuni haisaidii sana, kwa sababu ulinzi unaanza pesa ikishalipwa. Na pole nyingi kwa huyo abiria. Sheria ya bima ya magari, Sura 169, inamtaka kila mwenye gari awe na bima ya watu wengine, kwa hiyo mjomba ana kosa la jinai. Hospitali na fidia atadaiwa yeye mwenyewe, na mahakama inaweza kufika mpaka kwenye mali yake.

Fundi Kange: Na mimi leseni yangu iliisha mwezi uliopita, nikiomba mpya napigwa faini?

Mama Muheza: Fundi, hapa ni bima. Mimi gari lilikaa wiki bila bima kubwa. Nilipohuisha wakataka kulipiga picha upya pande zote, na mkwaruzo wa mlango wakauandika kuwa ni wa zamani. Punguzo la kutodai nalo likapotea.

Kijana wa Ngamiani: Kama bima yangu imeisha halafu mwingine ndiye amenigonga, bima yake inanilipa?

Dada wa Madai: Kwa ninavyoelewa, haki yako ya kumdai aliyekosea haifi kwa sababu bima yako imeisha. Kosa lako la kuendesha bila bima linabaki pembeni.

Mama Muheza: Shemeji yangu aligongwa Segera hivyo hivyo, na mpaka leo wanamzungusha. Kuna aliyelipwa?