Muda wa ndege umebadilika, binti wa miaka 5 kapangwa peke yake: tufanyeje?

Baba_Wawili: Wakuu, msaada. Tunasafiri mimi, mke wangu, binti wa miaka 5 na kichanga cha miezi 10 kitakachopakatwa. Tulilipia 14A, 14B na 14C. Juzi ikaja barua pepe kwamba muda umesogezwa saa 2, nikabonyeza kukubali. Leo naona mimi 9D, mke 21B, binti 27F! Zimebaki siku 6. Nimejaribu kumhamishia mke 27E, kiti ni kitupu lakini mfumo unagoma. Nikijiweka mimi, unakubali. Nimekosea wapi?

Tandabelua: Usihangaike. Panda tu, ukifika ndani mwombe mtu mbadilishane. Watu wana utu.

Mama Pacha: Mimi walinikatalia kubadilisha tarehe mpaka nilipe faini. Wewe unataka kuhamia tarehe gani?

Baba_Wawili: Tarehe ni ileile dada, shida ni viti.

Kaunta_Namba7: Nimekaa kaunta miaka mingi. Muda ukisogea, mara nyingi na ndege yenyewe imebadilishwa. Mpangilio wa viti ukiwa tofauti, mfumo unawatawanya watu upya, hata waliolipia.

Kuhusu 27E, angalia barakoa za oksijeni. Kwenye ndege ya viti vitatu kila upande, kawaida kila upande wa safu una barakoa 4, yaani watu watatu na kichanga kimoja. Nadhani 27D ya jirani inahusika: kama hapo kuna mama mwenye kichanga, mkeo hawezi kuongezwa. Ndiyo maana wewe unakubaliwa. Jaribu upande wa pili, A mpaka C, au safu nyingine. Safu ya mlango wa dharura sahau, watoto hawaruhusiwi.

Wavuti ikigoma, piga simu leo, usingoje chekini. Waambie mabadiliko ni yao na mlilipia viti. Viti vingine huzuiwa mtandaoni, lakini wao wanaviona. Kwanza hakikisheni mko kwenye buking moja. Mkiwa mbili tofauti, mfumo hauwajui kama familia.

Ushauri wa Tandabelua uwe wa mwisho. Na uombe getini kabla ya kupanda, ukiwa na kitu cha kubadilishana. Mwenye kiti cha njiani hatakubali cha kati.

Tandabelua: Mbona mimi nilifanikiwa mara mbili!

Kaunta_Namba7: Ulikuwa na kichanga? Hata ukibadilishana ndani, idadi ya barakoa ni ileile.

Baba_Wawili: Mrejesho. Nimepiga simu, dakika 40 za kusubiri. Mke na kichanga 24A, binti 24B. Cha 24C kina mtu, kwa hiyo mimi nimebaki 9D. Hela ya viti nimeidai, wananiambia nijaze fomu. Je, nikimwomba wa 24C getini, atakubali 9D? Zote za njiani, na 9 iko mbele.