Tupeane uzoefu: saa kupoteza simu kwenye umati, nyuma ya ukuta au simu ikiwa mfukoni

Mwenye mada (Ilazo, Dodoma)

Ndugu wanajukwaa, nina saa janja ambayo nyumbani haina tatizo lolote, lakini nilipokwenda viwanja vya Nanenane pale Nzuguni ilitetemeka mkononi mara nne kunijulisha kwamba imepoteza simu, ilhali simu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali yangu. Mara mbili iliunganika yenyewe baada ya dakika chache, na mara mbili nilisubiri hadi nikatoka kwenye msongamano wa mabanda. Saa naivaa mkono wa kushoto, simu naiweka mfuko wa nyuma wa kulia. Naomba waliokutana na jambo hili waeleze yaliyowakuta na namna walivyotambua chanzo.

Dereva wa bodaboda (Bahi)

Mimi yangu hukatika kila ninapoingia vijijini ambako minara ni michache. Nadhani na pale Nzuguni mtandao ulizidiwa na watu, kwa hiyo ungebadilisha laini.

Mwanafunzi (Dodoma mjini)

Kaka, Bluetooth haitegemei mnara. Washa hali ya ndege, kisha uiwashe Bluetooth peke yake, na utaona saa inaendelea kupokea kengele za simu kama kawaida. Kwa maoni yangu, tatizo la Nzuguni ni kwamba vifaa vingi vya watu, pamoja na Wi-Fi za mabanda, vinatumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4, hivyo vinagongana. Dawa yake ni kubadilisha chaneli ya Bluetooth, ingawa sijafanikiwa kuona mahali pa kuibadilisha kwenye simu yangu.

Fundi wa redio na simu (Majengo)

Hutapaona, mwanangu, kwa sababu hapapo. Uko sahihi kuhusu masafa, ila Bluetooth haikai kwenye chaneli moja. Saa za siku hizi na simu huruka pamoja kutoka chaneli moja hadi nyingine katika chaneli 37 za kubebea taarifa, na zikigundua kwamba baadhi zina kelele, huziacha na kutumia zilizobaki. Wi-Fi moja ya masafa hayo huchukua nafasi ya takribani chaneli kumi za Bluetooth, kwa hiyo hata mabanda matatu yenye Wi-Fi zisizopandana huacha nafasi kidogo ya kupitia. Kelele hupunguza nafasi, lakini mara nyingi peke yake haitoshi kukata mawasiliano ya vifaa vilivyo umbali wa mita moja.

Ninachokishuku kwanza ni mwili wa mwenye mada mwenyewe. Mwili umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi haya vizuri sana. Saa iko kushoto mbele, simu iko kulia nyuma, na katikati yake kuna nyonga na kiuno. Nyumbani hali hiyo haionekani kwa sababu mawimbi hugonga ukuta, dari na kabati, yakazunguka na kuifikia simu kwa njia nyingine. Kwenye uwanda wa wazi hakuna cha kuyarudisha isipokuwa ardhi. Ndiyo maana wateja wangu wengi hulalamika kwamba vifaa vyao hukatika shambani au barabarani, mahali ambapo wao walidhani pangekuwa salama zaidi kwa kuwa hapana ukuta.

Ukitaka kuhakikisha, weka programu ya nRF Connect kwenye simu. Tenganisha saa kwanza, maana saa iliyounganishwa mara nyingi huacha kujitangaza na hutaiona kwenye orodha. Kisha itafute na usome namba ya RSSI, inayoonyesha nguvu ya mawimbi ya saa yanayoifikia simu. Namba hiyo ni hasi: ikiwa karibu na -60 mambo ni mazuri, na ikishuka kuelekea -90 uko ukingoni. Usisome mara moja tu, kwani inachezacheza. Tazama inakozunguka kwa nusu dakika.

Mwenye mada

Nimefanya jana jioni kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba yetu, bila mtu yeyote karibu. Simu nilipoishika kifuani, namba ilizunguka -58. Mfuko wa mbele wa kushoto ilikuwa -67. Mfuko wa nyuma wa kulia, ambako mdogo wangu alinisaidia kuisoma simu ikichungulia mfukoni, ilishuka hadi -86 na mara moja ikafika -91. Niliporudi sebuleni nikiwa na simu mfuko ule ule, ikawa -74. Kwa hiyo fundi amenipata: ukuta niliokuwa naulaumu ndio uliokuwa unanisaidia.

Hata hivyo, bado sielewi jambo moja. Baada ya kupima niliiunganisha tena saa pale kiwanjani, simu ikiwa mfuko wa nyuma, na haikukatika kabisa, ijapokuwa namba ilikuwa mbaya namna ile.

Fundi wa redio na simu (Majengo)

Saa haitangazi kwamba imepoteza simu kwa sababu ya ujumbe mmoja uliopotea. Kuna muda wa kusubiri ambao vifaa hukubaliana, mara nyingi sekunde chache, na kanuni inaruhusu hadi sekunde 32. Ukipata ujumbe mmoja tu ndani ya muda huo, hesabu inaanza upya. Kiwanjani ulikuwa dhaifu lakini kulikuwa kimya, kwa hiyo ujumbe mmoja mmoja ulipenya. Nzuguni ulikuwa dhaifu vile vile, ukaongezewa miili ya watu waliokubana pande zote na kelele za vifaa vyao. Udhaifu na kelele vilipokutana, muda ukaisha.

Kurudi nako ni kugumu zaidi kuliko kubaki. Kifaa kinachotafuta mwenzake hujitangaza kwenye chaneli tatu tu, na kila saa, kila spika ya masikioni na kila kifaa cha aina hiyo kinachojitangaza kwenye umati hutumia hizo hizo tatu.

Mama mwenye duka (Kondoa)

Duka langu ni kontena la chuma. Nikiacha simu kwenye benchi la nje nikaingia ndani, saa hukatika kabla sijafika kwenye kaunta, hatua tano tu; mlango ukiwa wazi wote hudumu. Nyumbani, ambako ni ukuta wa tofali, naenda hadi jikoni bila shida. Lakini mimi nina swali jingine: mara nyingine saa inaonyesha alama ya kuunganishwa, simu iko mezani mbele yangu, na meseji za wateja haziingii mpaka niiguse simu.

Mwanafunzi (Dodoma mjini)

Hilo la mwisho si mawimbi, mama. Simu yako inailaza programu ya saa ili kutunza betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kizuizi.

Mama mwenye duka (Kondoa)

Nimeiruhusu tangu mwezi uliopita. Asubuhi zinaingia zote, mchana zinaanza tena kuchelewa.

Mwenye mada

Jumapili nilikwenda Uwanja wa Jamhuri, simu ikiwa mfuko wa mbele wa kushoto. Dakika zote tisini saa haikukatika. Ilikatika mara moja tu, wakati wa kutoka getini, tulipobanana kifua kwa mgongo, mkono wenye saa nikiwa nimeuinua juu na simu imebanwa kati yangu na jirani. Fundi, hapo kilichozuia ni mwili wangu au wa jirani?

Fundi wa redio na simu (Majengo)

Hapo sikuwepo na namba hukuisoma. Inawezekana ni miili yote miwili.