KL imeshuka hadi sifuri: nipunguze beta, niipandishe polepole, au niiwekee sakafu?

WaKadutu (Bukavu)
Jambo wote. Nafundisha VAE kwa picha za majani ya kahawa, pikseli 64 kwa 64, rangi tatu, latenti ya namba 32. Baada ya duru tano KL ni 0.003 na kila jani linalotoka ni lilelile: kijani cha ukungu, bila hata doa moja la kutu. Njia ni hizo tatu. Nianze na ipi?

Himbi (Goma)
Tatizo ni sampuli. z inachotwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo gradienti hairudi kwenye enkoda. Tumia mu peke yake.

Kampemba (Lubumbashi)
Ndugu Himbi, ingekuwa hivyo kama z ingechotwa moja kwa moja. Hapa kinachochotwa ni eps, pembeni, halafu `z = mu + sigma * eps`. Gradienti inapita kwenye mu na sigma kama katika hesabu yoyote ya kuzidisha na kujumlisha. Ukiondoa eps, dikoda haitazoea z za jirani, na ukichota picha mpya itaharibika. WaKadutu, tuonyeshe hasara unavyoihesabu.

WaKadutu
```python
rec = F.mse_loss(x_hat, x)
kl = -0.5 * (1 + logvar - mu**2 - logvar.exp()).sum(1).mean()
loss = rec + kl
```

Kampemba
Basi usichague njia bado. `mse_loss` ikiachwa hivyo inatoa wastani: kosa la picha limegawanywa kwa 64 × 64 × 3, yaani 12288, lakini KL umeijumlisha nzima. Unadhani beta yako ni 1, kumbe ni kama 12288. Kwa bei hiyo enkoda inaona nafuu kunyamaza. Weka:

```python
rec = F.mse_loss(x_hat, x, reduction="sum") / x.size(0)
```

Ibanda (Bukavu)
Mimi nilipandisha beta toka 0 hadi 1 kwa hatua 10000, kwa sentensi za Kiswahili. KL ilikaa vizuri, beta ilipofika 1 ikaanguka. Nikaweka sakafu ya 0.1 kwa kila namba, latenti 32: KL ikaganda kwenye 3.2 kamili.

Kampemba
Dada, kuganda juu ya sakafu ni dalili kwamba z haisomwi. Dikoda yako inaona maneno yaliyotangulia, haiihitaji z. Jaribu kuyaficha baadhi ya maneno hayo. Kwa picha za WaKadutu hali ni nyingine.

WaKadutu
Aksanti yaya! KL sasa ni 24, na madoa ya chungwa yanaonekana. Nikiipima namba moja moja, 9 kati ya 32 ndizo zinazofanya kazi. Kingo bado zina ukungu. Kwa beta 0.3 zinakazika, lakini majani mapya ninayochota yanatoka yamekatika.

Kampemba
Beta 0.3 imeziacha z zitawanyike, kati yake pakabaki mapengo. Mimi ningerudi 1, kisha niuache mtandao ujifunze wenyewe ukubwa wa kosa la pikseli.

Ibanda
Mimi ningebaki na 0.3. Kama kazi yake ni kutambua kutu, majani mapya ya nini?

WaKadutu
Nahitaji vyote viwili, dada. Picha za majani yenye kutu ninazo chache.